Tugawe kwa Eneo Lipi? Kuhamisha Thamani za Ramani ya Udongo hadi Shambani kwa R

Nilizaliwa Kitale, na kwa miaka kadhaa sasa ninafanya kazi Ames, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, nikiandaa takwimu za mashamba ya mahindi na soya kwa ajili ya washauri wa kilimo. Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi linaonekana dogo: shamba hili lina mboji asilimia ngapi? Anayeuliza anataka nambari moja kwa kila shamba, ilhali ramani ya udongo haiyajui mashamba. Mistari yake inafuata miinuko na mabonde, na mipaka ya shamba inafuata barabara, mitaro na hati za umiliki. Ili nambari moja ipatikane, mistari ya aina hizi mbili inabidi ilazwe pamoja, ikatane, kisha kila kipande kichangie kwa kadiri ya ukubwa wake. Huo ndio wastani wenye uzito wa eneo. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi, lakini nimeona ikikosewa mara nyingi, na mimi mwenyewe nimeikosea. Karibu kila mara kosa lilikuwa katika kigawanyo, yaani katika kile tunachogawia.

Nitatumia shamba moja la hekta 16, karibu ekari 40, katika kaunti ya Story. Maeneo na thamani nimevirekebisha ili hesabu iwe rahisi kufuata, lakini mpangilio wa udongo ni ule ule unaoonekana kwenye mashamba ya hapa. Nchi hii ilisawazishwa na barafu ya kale, ikaachwa na vilima vidogo na vibonde visivyo na njia ya asili ya kutolea maji. Kwenye miinuko kuna udongo uitwao Clarion, wenye mboji kidogo kuliko majirani zake. Kwenye miteremko ya chini kuna Nicollet, kwenye tambarare zenye unyevu kuna Webster, na ndani ya vibonde ambako maji husimama wakati wa mvua kuna Okoboji, udongo mweusi wenye mboji nyingi. Shamba letu lina hekta 6.0 za Clarion, 4.0 za Nicollet, 4.2 za Webster, 1.0 ya Okoboji, na bwawa dogo la hekta 0.8.

Ramani ninayotumia ni SSURGO, ramani ya kina ya udongo ya Marekani, ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bila malipo. Kila poligoni ina namba ya kizio chake cha ramani, iitwayo `mukey`, na kizio kimoja huweza kuwa na poligoni nyingi zilizotawanyika katika kaunti nzima. Kukata kwenyewe ni mistari michache ya R kwa kutumia kifurushi cha `sf`:

```r
library(sf)
library(dplyr)

mashamba <- st_read("mashamba.gpkg") |>
  st_transform(5070) |> st_make_valid()
udongo <- st_read("udongo.gpkg") |>
  st_transform(5070) |> st_make_valid()

vipande <- st_intersection(mashamba["shamba_id"],
                           udongo["mukey"])
vipande$m2 <- as.numeric(st_area(vipande))
```

Namba 5070 ni projeksheni ya Albers kwa ajili ya bara la Marekani, ambayo huhifadhi ukubwa wa maeneo. Watu hubishana sana kuhusu hatua hii, kwa hiyo niseme inapohusika na isipohusika. Ukipima maeneo katika projeksheni ya ramani za mtandaoni, yaani 3857, hekta zako katika latitudo ya Iowa zitavimba kwa takriban asilimia 80. Hata hivyo, wastani wa shamba moja hautabadilika kwa kiasi kinachoonekana, kwa sababu vipande vyote vya shamba dogo huvimba kwa uwiano ule ule, na uwiano huo hujifuta wakati wa kugawa. Kwa hiyo wastani ulio sahihi si ushahidi kwamba hekta zako ni sahihi, na mshauri atakayetumia hekta hizo kuagiza mbegu ataumia. Kuhusu `st_make_valid`, nimeiweka kwa sababu mipaka ya mashamba inayotoka kwenye vifaa vya trekta mara nyingi hujikata yenyewe mahali trekta ilipogeuka, na poligoni ya namna hiyo huzuia ukataji au hutoa eneo la uongo.

Sasa nieleze kosa langu. Nilipoanza kazi hii, nilipima eneo la kila poligoni ya udongo mapema, mara tu baada ya kusoma faili, nikaliweka kwenye safu iliyoitwa `m2`. Kisha nikakata. Kwa kawaida `st_intersection` hukibebesha kila kipande safu zote za poligoni mama, kwa hiyo vipande vyangu vilitoka vikiwa na safu ya `m2` iliyokwisha kujazwa, nami nikaitumia kama uzito. Hakuna kilichokatika wala kulalamika, isipokuwa onyo moja ambalo `sf` hulitoa kila mara inapokata:

```
attribute variables are assumed to be spatially
constant throughout all geometries
```

Nilikuwa nimezoea kulipuuza. Maana yake ni kwamba programu inachukulia kuwa kila thamani iliyoandikwa kwenye poligoni inabaki kweli kwa kila kipande cha poligoni hiyo. Asilimia ya mboji inaweza kuchukuliwa hivyo, kwa sababu ukikata mkate, utamu wa kila kipande ni ule ule wa mkate mzima. Ukubwa hauwezi kuchukuliwa hivyo hata kidogo. Kipande cha hekta 4.2 cha Webster kilikuwa kimebeba ukubwa wa poligoni nzima iliyokitoa, ambayo ilitambaa kupita mashamba ya majirani hadi kufikia hekta 95.

Matokeo yalipotoka kwa namna ambayo jicho haliwezi kuigundua. Tuchukue mboji ya sentimita 30 za juu kuwa asilimia 3.2 kwa Clarion, 4.6 kwa Nicollet, 6.1 kwa Webster na 9.0 kwa Okoboji. Poligoni nzima zilikuwa na hekta 22, 15, 95 na 3 kwa mpangilio huo. Ukizitumia kama uzito, unapata 745.9 gawa kwa 135, sawa na asilimia 5.5. Ukitumia vipande halisi vilivyomo ndani ya shamba, unapata 72.22 gawa kwa 15.2, sawa na asilimia 4.75. Mtu yeyote anayeifahamu Story angeikubali 5.5 bila kusita, kwa kuwa ni nambari ya kawaida kabisa kwa udongo wa hapa, na kwa sababu hiyo kosa lilikaa kwa wiki kadhaa. Lililonifichulia ni jambo rahisi: siku moja nilijumlisha uzito wenyewe badala ya kuangalia wastani, na shamba la hekta 16 likaniambia kwamba lina hekta 135 za udongo.

Tangu siku hiyo sitoi wastani wowote kabla ya kulinganisha jumla ya vipande na eneo la shamba lenyewe lililopimwa peke yake. Uwiano wa hizo mbili unapaswa kuwa 1, labda kwa tofauti inayoonekana kwenye desimali ya nne. Ukiwa chini ya 1, ramani ya udongo ina pengo, kwa mfano shamba limevuka mpaka wa kaunti na wewe umepakua kaunti moja tu. Ukizidi 1, kuna poligoni zinazolaliana, na mara nyingi sababu ni kwamba faili mbili zilizounganishwa zina eneo moja lililorudiwa. Kwenye msimbo wa hapo juu nimechagua safu moja tu kutoka kila upande, `shamba_id` na `mukey`, kwa makusudi: safu isiyoingia kwenye ukataji haiwezi kubeba thamani iliyopitwa na wakati.

Mkato kama huu pia huzalisha vijipande vyembamba kama uzi, mahali mstari wa ramani unapokaribia mpaka wa shamba bila kulingana nao. Wenzangu wengi hutumia muda mwingi kuvifuta. Kwa wastani wenye uzito, havina madhara, kwa sababu kipande cha mita 20 za mraba ndani ya hekta 16 hakina sauti. Huleta shida tu pale unapohesabu idadi ya aina za udongo ndani ya shamba.

Turudi kwenye bwawa. Ramani inalitambua kama kizio cha maji, na maji hayana asilimia ya mboji, kwa hiyo thamani yake ni `NA`. Hapa kigawanyo kinadai uamuzi. Katika hesabu ya juu niligawa kwa 15.2, yaani hekta zenye udongo unaojulikana. Ningegawa kwa 16, ningepata 4.51, jambo ambalo ni sawa na kusema kwamba bwawa ni udongo wenye mboji sifuri. Kosa hili huingia kimyakimya pale mtu anapoandika `na.rm = TRUE` kwenye jumla ya juu na kusahau kwamba eneo la chini bado linajumuisha kile kilichoondolewa juu. Mimi huandika hivi, `thamani` ikiwa ni jedwali lenye mboji ya kila kizio, ambalo nitaonyesha baadaye jinsi linavyoandaliwa:

```r
matokeo <- vipande |>
  st_drop_geometry() |>
  left_join(thamani, by = "mukey",
            relationship = "many-to-one") |>
  group_by(shamba_id) |>
  summarise(
    m2_yote = sum(m2),
    m2_data = sum(m2[!is.na(mboji)]),
    mboji_w = sum(m2 * mboji, na.rm = TRUE) / m2_data
  )
```

Safu ya `m2_data` ninaihifadhi na kuikabidhi pamoja na wastani. Kwa shamba letu inasema kwamba asilimia 95 ya eneo ndiyo iliyozungumza. Nikikuta shamba ambalo ni asilimia 40 tu iliyozungumza, kwa sababu sehemu kubwa ni machimbo ya changarawe au ardhi iliyovurugwa, wastani wake huwa sitaki usafiri peke yake bila nambari hiyo. Kipo pia chombo kilicho tayari ndani ya `sf`, `st_interpolate_aw` chenye `extensive = FALSE`, na kwa jedwali lisilo na mapengo kinafaa. Mimi hupendelea kuandika hatua mwenyewe kwa sababu ya kigawanyo hicho, ambacho nataka kukiona kwa macho.

Neno `many-to-one` nalo lina sababu yake, na sababu hiyo inatupeleka chini ya poligoni. Msomaji mgeni hudhani kwamba poligoni ya Webster ni Webster tupu. Sivyo. Kizio cha ramani ni mkusanyiko wa vijenzi, kila kimoja na asilimia yake, iliyoandikwa kwenye safu ya `comppct_r`: kwa mfano Webster 80, Nicollet 10 na Canisteo 10. Mpimaji alijua kwamba udongo huo mwingine umo ndani, ila ulikuwa umechanganyika kwa kiwango kidogo mno kuchorwa. Kila kijenzi nacho kina matabaka, na kila tabaka lina kina cha juu, kina cha chini, asilimia ya mboji, mfinyanzi na kadhalika. Ukiunganisha jedwali la vijenzi moja kwa moja na vipande, kipande kimoja cha Webster kitajirudia mara tatu, na eneo lake litahesabiwa mara tatu. Sharti la `many-to-one` huifanya R ikatae kuendelea hali hiyo inapotokea.

Kwa hiyo kabla ya wastani wa eneo kuna wastani mwingine wa aina mbili: wa kina, kisha wa vijenzi. Kwa Clarion yetu, tabaka la kwanza linatoka sentimita 0 hadi 20 likiwa na asilimia 3.6, na la pili linatoka 20 hadi 45 likiwa na 2.4. Tunataka sentimita 30 tu, kwa hiyo tabaka la pili linachangia sentimita 10, si 25. Jumla ni 72 na 24, gawa kwa 30, sawa na 3.2. Kwa mfano huu nimechukulia kwamba vijenzi vidogo vya kizio hicho havibadilishi thamani hiyo. Katika R, `tabaka` ikiwa ni jedwali la matabaka lililokwisha kuunganishwa na vijenzi vyake:

```r
thamani <- tabaka |>
  mutate(cm = pmax(0, pmin(hzdepb_r, 30) - hzdept_r)) |>
  filter(cm > 0, !is.na(om_r)) |>
  group_by(mukey, cokey, comppct_r) |>
  summarise(om = sum(cm * om_r) / sum(cm),
            .groups = "drop") |>
  group_by(mukey) |>
  summarise(mboji = sum(comppct_r * om) / sum(comppct_r))
```

Tazama vigawanyo tena. Cha kwanza ni `sum(cm)`, si 30, kwa sababu udongo ulio juu ya mwamba unaweza kuishia sentimita 22. Cha pili ni `sum(comppct_r)`, si 100, kwa sababu kijenzi kisicho na data ya matabaka kimekwisha kuchujwa. Data ikiwa kamili, mpangilio wa hatua hizi hauna athari, kwa kuwa uzito wote unazidishana tu. Data ikiwa na mapengo, mpangilio hubadilisha jibu, na utaratibu huu wa kwenda kutoka tabaka hadi kijenzi hadi kizio hadi shamba una maana iliyo wazi: kila pengo linajazwa na wastani wa ndugu zake wa karibu zaidi. Si lazima ukubaliane na dhana hiyo, lakini ni vyema ujue kwamba umeikubali.

Kuna thamani ambazo hazipaswi kupitishwa kwenye mashine hii hata kama hesabu itafanyika bila hitilafu. Daraja la utoaji maji ni jina, si nambari, na kwa majina ninatoa mgawanyo wa maeneo: kiasi hiki cha hekta ni cha daraja hili. Asidi ni mtego ulio bora zaidi, kwa sababu pH ni nambari na inaonekana tayari kabisa kuwastanishwa. Chukua shamba ambalo nusu yake ina pH 5.8 na nusu nyingine, yenye udongo wa chokaa kama Canisteo, ina 8.0. Wastani ni 6.9, na mshauri atasoma hapo kwamba shamba halihitaji chokaa. Anayekumbuka kwamba pH ni logi atawastanisha hidrojeni yenyewe na kupata karibu 6.1, jibu tofauti kabisa, lakini nalo halielezi sehemu yoyote ya shamba hilo. Nusu moja inahitaji chokaa na nusu nyingine ingedhurika zaidi kwa kuongezewa. Ninachofanya ni kuuliza swali la kilimo kwenye kila kijenzi kabla ya kuwastanisha: je, pH yake iko chini ya kiwango kinachodai chokaa? Jibu ni 0 au 1, na wastani wenye uzito wa majibu hayo ni sehemu ya shamba inayohitaji chokaa, yaani 0.5. Nambari hiyo inaweza kutumika.

Kanuni hiyo inarudi pia kwenye mboji. Baadhi ya viuagugu vinavyopakwa kwenye udongo hupimwa kwa kutegemea mboji, kwa sababu mboji hushika dawa na kupunguza nguvu yake. Kipimo kilichokokotolewa kutokana na 4.75 kitakuwa kikubwa mno kwa hekta 6 za Clarion zenye 3.2, na mahindi machanga yanaweza kuungua kwenye vilima hivyo hivyo ambavyo tayari vina udongo dhaifu. Kwa hiyo pamoja na wastani ninakabidhi mtawanyiko wenye uzito ule ule. Kwa shamba letu, mkengeuko sanifu ni karibu 1.6, kiasi kinachotosha kumwambia mshauri kwamba afungue ramani ya vipande kabla ya kuamua kipimo kimoja.

Mipaka ya ramani yenyewe nitaitaja kwa ufupi. Sehemu kubwa ya SSURGO ilichorwa kwa kipimo cha kati ya 1:12,000 na 1:24,000. Katika 1:12,000, mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita ni mita 6 ardhini, na eneo dogo kabisa linaloweza kuchorwa vizuri ni karibu hekta 0.6. Kwa shamba la hekta 16 hilo linavumilika. Kwa jaribio la hekta 1 halivumiliki, na R itakupa desimali sita hata hivyo.

Niliwahi kutaka kufanya kazi hii hii kwa shamba la familia yetu kule Trans Nzoia, la ekari tano. Ramani ya nchi nzima niliyoipata ni KENSOTER, ya kipimo cha 1:1,000,000, ambamo milimita moja ya ramani ni kilomita moja ardhini. Shamba lote lilianguka ndani ya poligoni moja. `st_intersection` ilirudisha kipande kimoja, uwiano wa maeneo ukawa 1 kamili, na wastani wenye uzito wa eneo ukawa thamani ile ile ya poligoni, bila uzito wowote kufanya kazi. Vipimo vyote nilivyojiwekea vilipita. Lakini ndani ya poligoni hiyo mlikuwa na vijenzi zaidi ya kimoja, kila kimoja na asilimia yake, na hakuna mstari wowote unaosema shamba letu la ekari tano liko juu ya kipi. Huenda likawa lote kwenye kijenzi kidogo zaidi. Sikuandika wastani. Niliandika orodha ya vijenzi na asilimia zake, nikampigia kaka yangu simu, nikamwomba achimbe mashimo matatu ya sentimita 30, moja juu karibu na nyumba, moja katikati ya mteremko, na moja chini karibu na kijito, na aweke udongo wa kila shimo kwenye mfuko wake.